Fomu Isiyojazwa: Chaguo-msingi Linavyobadilisha Akiba Bila Kumkataza Mtu

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, maafisa utumishi, mabibi na mabwana,

Nimepewa mada pana, na nikijaribu kuigusa yote tutaondoka hapa na majina mengi kuliko maarifa. Kwa hiyo nitajikita katika jambo moja tu: mfanyakazi anapoanza kazi na hasemi lolote kuhusu akiba yake ya uzeeni, anahesabiwa kuwa amejiunga au hajajiunga? Jibu la swali hilo huandikwa na mtu fulani ofisini, mara nyingi bila kufikiri sana, na madhara yake hudumu miaka.

Tarehe 1 Aprili 1998 kampuni moja kubwa ya bima na huduma za afya nchini Marekani ilibadilisha utaratibu wa mpango wake wa akiba ya uzeeni. Mpango wenyewe ni wa aina inayofahamika kwa namba ya kifungu cha sheria ya kodi ya huko, 401(k). Mfanyakazi huchagua asilimia ya mshahara wake ikatwe kabla haujamfikia, kisha huchagua mfuko wa uwekezaji ambamo fedha hizo zitawekwa. Katika kampuni hiyo, mwajiri aliongeza nusu dola kwa kila dola ambayo mfanyakazi aliweka, hadi kufikia asilimia 6 ya mshahara wake. Kwa lugha nyepesi, mwajiri alikuwa akigawa fedha kwa yeyote aliyekubali kuweka akiba yake mwenyewe.

Hadi siku hiyo, aliyetaka kujiunga alipaswa kuomba. Walioajiriwa kuanzia siku hiyo waliandikishwa moja kwa moja: kama mtu hakusema lolote, asilimia 3 ya mshahara wake ilikatwa na kuwekwa katika mfuko wa amana za muda mfupi, ambao una usalama mkubwa na faida ndogo. Asiyetaka aliruhusiwa kukataa. Aliyetaka kiwango kingine au mfuko mwingine aliruhusiwa kuchagua. Mchango wa mwajiri haukubadilika, orodha ya mifuko haikubadilika, wala hakuna aliyezuiwa kufanya jambo lolote ambalo aliyemtangulia aliweza kulifanya. Kilichogeuzwa ni maana ya ukimya.

Brigitte Madrian na Dennis Shea walizichambua kumbukumbu za kampuni hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001. Bahati yao ni kwamba palikuwa na kundi zuri la kulinganisha. Walioajiriwa katika mwaka uliotangulia mabadiliko nao walipata haki ya kujiunga siku ile ile ya tarehe 1 Aprili 1998, ila wao walibaki chini ya utaratibu wa kuomba. Tuna basi makundi mawili ya watu wa kampuni moja, wenye mpango mmoja, walioajiriwa katika miaka inayofuatana, wakitofautiana katika jambo moja tu la maana. Katika kundi la waliopaswa kuomba, waliojiunga walikuwa asilimia 49. Katika kundi la walioandikishwa moja kwa moja, walikuwa asilimia 86.

Tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo watunga sera hukata tamaa mapema. Miongoni mwa wafanyakazi waliolipwa chini ya dola 20,000 kwa mwaka, waliojiunga walipanda kutoka takribani asilimia 13 hadi takribani asilimia 80. Hawa ndio watu ambao kila kikao cha wataalamu husema kwamba hawaweki akiba kwa sababu hawana cha kuweka, au kwa sababu hawana elimu ya fedha. Huenda wengine kati yao kweli hawakuwa na cha kuweka, na hao walikuwa na ruhusa ya kukataa. Lakini wengi hawakukataa, na hakuna aliyewafundisha somo lolote jipya la fedha kati ya mwezi Machi na mwezi Aprili mwaka ule.

Hapa niweke mipaka ya maneno, kwa sababu katika nchi zetu mambo mawili huchanganywa. Makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, ambako NSSF hupokea jumla ya asilimia 20 ya mshahara kutoka kwa mwajiri na mfanyakazi, ni lazima ya kisheria. Mfanyakazi hawezi kwenda kwa afisa utumishi na kusema kwamba mwezi huu hapendi, na mwajiri asiyewasilisha michango hupigwa faini. Lazima ina mahali pake, na siipingi. Ninachokizungumzia leo ni chombo cha aina nyingine. Msukumo mwepesi, kama ulivyoelezwa na Richard Thaler, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2017, na mwenzake mwanasheria Cass Sunstein, hauondoi chaguo lolote na haubadilishi gharama wala faida ya kila chaguo kwa kiasi cha kuonekana. Chaguo-msingi, yaani lile linalotekelezwa mtu asiposema kitu, ndilo lenye nguvu kuliko misukumo yote ya aina hiyo. Na ni lazima liwepo. Hakuna fomu isiyo nalo, kwa sababu hata fomu inayosema kwamba asiyeomba hajajiunga imekwisha kumchagulia.

Kwa nini ukimya uwe na uzito kiasi hicho, wakati kukataa kunahitaji simu moja tu? Maelezo yanayotolewa ni matatu, na kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kujua lipi linabeba mzigo. La kwanza ni kuahirisha. Mtu anajua kwamba afanye, anakusudia kufanya, lakini gharama ya kufanya iko leo na faida iko miaka thelathini mbele, hivyo kila wiki inaonekana kwamba wiki ijayo ndiyo inayofaa. La pili ni kwamba watu hukisoma kiwango kilichowekwa kama ushauri: kama kampuni imeweka asilimia 3, basi bila shaka kuna mtaalamu aliyekaa akapiga hesabu. La tatu ni kwamba kuchagua asilimia na mfuko ni kazi inayochosha akili, na mbele ya kazi inayochosha wengi wetu hubaki tulipowekwa.

Jaribio lililonisaidia zaidi kuyatenganisha haya lilifanyika Afghanistani, katika kampuni ya simu ya Roshan, na lilichapishwa mwaka 2018 na Joshua Blumenstock, Michael Callen na Tarek Ghani. Kampuni hiyo ililipa mishahara kwa njia ya fedha za simu, kupitia huduma iitwayo M-Paisa, iliyoanzishwa mwaka mmoja baada ya M-Pesa ya Kenya. Wafanyakazi 949 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao waliandikishwa moja kwa moja kukatwa asilimia 5 ya mshahara na kuwekewa katika akaunti ya akiba ndani ya simu. Nusu nyingine walianzia sifuri, na kila mmoja angeweza kupanda kama angetaka. Juu ya hayo, kwa bahati nasibu vilevile, baadhi waliahidiwa nyongeza ya mwajiri ya robo au ya nusu ya walichoweka, na wengine hawakuahidiwa nyongeza yoyote. Kwa hiyo watafiti waliweza kuweka nguvu ya chaguo-msingi na nguvu ya fedha katika mizani moja.

Walioandikishwa moja kwa moja walizidi wenzao katika kuweka akiba kwa pointi 40 za asilimia, na athari hiyo ililingana na ile ya kumwahidi mtu nyongeza ya nusu ya akiba yake. Tafakarini uzito wa ulinganisho huo. Nyongeza ya nusu ni gharama kubwa kwa mwajiri, mwezi kwa mwezi, kwa kila mfanyakazi. Kubadilisha mahali pa kuanzia ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu wa mfumo wa mishahara. Na watafiti walipochunguza sababu, walikuta kwamba maelezo yanayosimama ni kuahirisha pamoja na uzito wa kulifikiria jambo lenyewe. Jambo lingine la kuvutia ni kwamba jaribio lilipokwisha, waliokuwa wameandikishwa walielekea zaidi kuliko wenzao kuamua wenyewe kuweka akiba. Hilo linapunguza hofu kwamba walikuwa wamenaswa tu.

Sasa turudi Marekani, kwa sababu hadithi ya kampuni ile ina upande wa pili, na ni upande ambao mara nyingi haufiki katika mikutano kama huu. Ile asilimia 86 hupendeza macho. Lakini Madrian na Shea waliuliza pia: walioandikishwa wanaweka kiasi gani, na wapi? Wakakuta kwamba takribani asilimia 60 ya waliojiunga chini ya utaratibu mpya walibaki na vyote viwili, kiwango cha asilimia 3 na ule mfuko wa amana za muda mfupi. Miongoni mwa waliojiunga kwa kuomba wenyewe, waliochagua mchanganyiko huo hasa walikuwa takribani mtu mmoja katika mia.

Tupige hesabu ya mfanyakazi mmoja ili tuone maana yake. Tumchukue mwenye mshahara wa dola 30,000 kwa mwaka, ambaye amekwisha kustahili mchango wa mwajiri. Akiweka asilimia 3, anatoa dola 900, mwajiri anaongeza 450, na jumla ni dola 1,350. Akiweka asilimia 6, anatoa dola 1,800, mwajiri anaongeza 900, na jumla ni dola 2,700. Kwa kubaki katika asilimia 3, kila mwaka anaacha mezani dola 450 za mwajiri ambazo zilikuwa haki yake kwa masharti ya mpango. Kwa miaka kumi ni dola 4,500, kabla hatujahesabu faida. Na zile alizoweka ziko katika mfuko wa faida ndogo, ingawa yeye ni kijana ambaye hatazigusa kwa miaka thelathini.

Kwa aliyekuwa hana akiba kabisa, hiyo 1,350 ni neema. Tatizo liko kwa yule ambaye, angeachwa ajaze fomu mwenyewe, angechelewa miezi kadhaa lakini mwishowe angeandika asilimia 6. Huyo chaguo-msingi lilimshusha. Uchambuzi uliofuata, wa Madrian pamoja na James Choi, David Laibson na Andrew Metrick, katika kampuni kadhaa, ulionyesha kwamba kwa wastani mambo haya mawili yalikaribia kufutana: watu wengi zaidi ndani ya mpango, lakini kila mmoja kwa kiwango cha chini. Waliofaidika waziwazi ni wa chini kabisa, waliokuwa wakikaa bila chochote. Kwa hiyo mtu anayepima mafanikio kwa kuhesabu vichwa atashangilia, na anayepima kwa fedha zilizokusanywa atakuna kichwa, na wote wawili watakuwa wakisoma kitabu kimoja cha hesabu.

Je, asilimia 3 ilitoka wapi? Hakuna aliyepiga hesabu ya uzeeni akaipata. Waajiri waliogopa kwamba makato makubwa yangewafanya wafanyakazi wakatae, na waliogopa kulaumiwa iwapo mfuko wenye hisa ungeanguka, wakachagua kiwango kidogo na mfuko usiotikisika. Ilikuwa kinga ya mwajiri, na mfanyakazi akaisoma kama ushauri. Kuhusu mfuko, Marekani ilirekebisha baadaye: sheria ya pensheni ya mwaka 2006 na kanuni zilizofuata mwaka 2007 zilimpa mwajiri ulinzi wa kisheria akitumia kama chaguo-msingi mifuko iliyochanganya hisa na hatifungani, ikiwemo ile inayojirekebisha kadiri mtu anavyokaribia kustaafu, na mfuko wa kulinda mtaji ukabaki kuwa kituo cha muda mfupi tu. Mwajiri akabadilisha mazoea yake kwa sababu chaguo salama kwake lilikuwa limehamishwa. Sitashangaa kama nanyi mmeona kwamba mbinu ile ile ilitumika kwake pia.

Kuhusu kiwango, suluhisho lililonivutia zaidi lilijaribiwa mwaka 1998 katika kiwanda kimoja cha ukubwa wa kati, na lilibuniwa na Thaler pamoja na Shlomo Benartzi. Mshauri wa fedha alikaa na kila mfanyakazi, akampigia hesabu, na kwa wengi akapendekeza waongeze akiba kwa pointi 5 za asilimia mara moja. Wengi walikataa, na unaweza kuwaelewa: mshahara wa mwezi ujao ungeonekana umepungua. Kwa waliokataa, mshauri alitoa pendekezo la pili. Leo usikatwe chochote. Lakini tukubaliane sasa kwamba kila utakapopandishwa mshahara, akiba yako itapanda kwa pointi 3, na utaweza kujitoa siku yoyote. Asilimia 78 ya walioelezwa pendekezo hilo walilikubali. Baada ya kupandishwa mishahara mara nne, katika muda wa miezi 40, wastani wa akiba yao ulikuwa umetoka asilimia 3.5 hadi 13.6. Wale waliokubali ushauri wa kwanza papo hapo walipanda hadi takribani asilimia 9, wakatulia hapo hapo.

Angalieni kilichotumika. Kuahirisha, ambako kulikuwa adui, kuligeuzwa kuwa kibarua: mtu anayependa kusema kesho aliruhusiwa kusema kesho, na kesho ilipofika mfumo ulitekeleza bila kumsumbua. Na kwa kuwa nyongeza ya akiba ilikuja pamoja na nyongeza ya mshahara, hakuna mwezi ambao fedha za mkononi zilionekana zimeshuka. Watu huumia zaidi kwa kupungukiwa shilingi waliyoizoea kuliko kwa kukosa shilingi ambayo hawajawahi kuishika, na mpango ule ulijengwa juu ya ukweli huo.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizofanya jambo hili kuwa sera ya taifa zima. Kwa mujibu wa Sheria ya Pensheni ya mwaka 2008, kuanzia Oktoba 2012 waajiri wakubwa walianza kuwaandikisha wafanyakazi wao, na kufikia mwaka 2018 utaratibu ulikuwa umewafikia waajiri wadogo pia. Mfanyakazi mwenye umri wa kuanzia miaka 22, ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali na anayelipwa zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka, huandikishwa bila kuomba. Kima cha chini cha michango kilianza kwa asilimia 2 ya sehemu ya mshahara inayohesabiwa, kikapanda hadi 5 mwezi Aprili 2018 na 8 mwezi Aprili 2019, mwajiri akitoa 3 kati ya hizo. Hapo kuna funzo la kampuni ile ya bima ya 1998: Waingereza walianza chini ili watu wasiogope, lakini ngazi za kupanda zilikuwa zimeandikwa mapema. Waliojitoa wamekuwa takribani mmoja katika kumi.

Ningependa tukae kidogo katika mlango wa kutokea, kwa sababu hapo ndipo msukumo mwepesi hutofautiana na hila. Nchini Uingereza mfanyakazi ana mwezi mmoja wa kujitoa na kurudishiwa kila kilichokatwa, kana kwamba hakuwahi kuandikishwa. Baada ya mwezi huo bado anaweza kuacha kuchangia, ila zilizokwisha kuwekwa kwa kawaida hubaki. Fomu ya kujitoa kwa kawaida hutoka kwa mfuko wenyewe, haitoki kwa mwajiri, na mwajiri haruhusiwi kumshawishi mfanyakazi ajitoe, kwa mfano kwa kumdokeza kwamba ajira ataipata asiyetaka mchango wa pensheni. Kumbe katika mpango wote huu katazo lipo, lakini limewekwa kwa mwajiri, ambaye ndiye anayeokoa fedha mfanyakazi anapoondoka. Na takribani kila baada ya miaka mitatu, waliojitoa huandikishwa tena, wakiwa na haki ile ile ya kujitoa upya, kwa kuwa aliyekuwa na deni la karo mwaka huu huenda hana deni hilo miaka mitatu baadaye.

Linganisheni na jambo tunalolifahamu sote katika simu zetu: unaamka asubuhi unakuta umeunganishwa na huduma ya ujumbe wa vichekesho au matokeo ya mpira, salio linakatwa kila siku, na kujitoa kunadai ujue namba ambayo haikutajwa popote. Mbinu ni ile ile ya kuandikishwa bila kuomba. Anayefaidika na ukimya wako ni mwingine, na mlango wa kutokea umefichwa makusudi. Kwa hiyo nikionyeshwa chaguo-msingi lolote, huwa naanza kwa kuuliza maswali mawili. Je, kujitoa kunachukua muda na hatua kiasi gani, kikilinganishwa na kubaki? Na je, aliyeweka chaguo hilo angekuwa radhi kulitangaza ukutani, pamoja na kiasi anachopata kutokana nalo? Mtu wa huduma ya vichekesho hatakuwa radhi.

Kuna kipimo kingine, ambacho ni cha hesabu. Kama katika chama chenu mnaandikisha wanachama moja kwa moja katika akiba ya ziada, msiishie kuhesabu waliomo mwezi wa pili. Tazameni mwezi wa kumi na mbili, na baadaye tazameni wanaoacha kazi. Mwaka 2024 Choi, Laibson na wenzao, akiwemo John Beshears, walichapisha uchambuzi wa mipango tisa ya 401(k), na matokeo yao yaliwapunguzia sauti wengi wetu tuliokuwa tukihubiri. Watu huhama kazi mara kwa mara, mara nyingine kabla mchango wa mwajiri haujawa mali yao kikamilifu. Wakiondoka, sehemu kubwa ya akiba hutolewa na kutumika. Na pale ambapo kiwango kilipangwa kipande chenyewe kila mwaka, ni asilimia 40 tu waliopanda katika tarehe ya kwanza ya kupanda, na wengine walijitoa baadaye. Walipojumlisha yote hayo kwa muda mrefu, uandikishaji wa moja kwa moja uliongeza akiba kwa asilimia 0.6 ya mapato, na kupanda kwa moja kwa moja kuliongeza asilimia 0.3 nyingine.

Asilimia 0.6 inaweza kuonekana ndogo mbele ya zile pointi 37 zilizotenganisha asilimia 49 na 86 katika kampuni ile ya bima. Mimi siioni kuwa aibu, kwa kuwa gharama yake ni ndogo vilevile, lakini inatuonyesha mahali fedha zinapovujia. Mfanyakazi anapoondoka, chaguo-msingi linalomsubiri ni lipi? Kama utaratibu ni kumpa hundi asipoeleza zihamishiwe wapi, basi ukimya ule ule uliomjengea akiba ndio unaoibomoa. Anayetaka kuziba uvujaji huo aanze na fomu ya kuondoka kazini, na aifanye akiba ihame na mtu kwenda kwa mwajiri wake mpya isipokuwa mwenyewe atake vinginevyo.

Limebaki jambo ambalo, kwa nchi zetu, ni zito kuliko yote niliyoyasema. Kila mfano niliotoa umesimama juu ya orodha ya mishahara. Roshan iliweza kwa sababu ndiyo iliyolipa mshahara. Uingereza yenyewe, pamoja na sheria yake nzuri, imewaacha nje waliojiajiri, kwa kuwa hakuna mwajiri wa kukata. Kwetu waliojiajiri ndio wengi. Kenya ilijaribu njia ya hiari kwa mafundi na wafanyabiashara wa jua kali kupitia Mpango wa Pensheni wa Mbao, ulioanza mwaka 2011, ambapo mtu huweka shilingi 20 kwa siku kwa simu. Kiasi ni kidogo na njia ya kulipa ni rahisi, lakini angalieni chaguo-msingi lake: asiyefanya kitu leo hajaweka kitu leo. Mwanachama anapaswa kushinda uvivu wake kila siku, kwa umri wake wote wa kazi, ilhali karani wa kampuni ile ya Marekani alihitaji kushindwa kupiga simu mara moja tu.

Kwa hiyo wajibu wetu wa kwanza ni kutafuta mahali ambapo kipato cha mtu asiye na mshahara hupita mikononi mwa mwingine kabla ya kumfikia, maana hapo tu ndipo chaguo-msingi linaweza kushika. Mahali hapo papo. Mkulima wa chai nchini Kenya anayepeleka majani katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hupokea malipo ya kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka, na bonasi ndiyo inayofanana na nyongeza ya mshahara: ni fedha ambazo bajeti ya nyumbani bado haijazizoea. Mkulima wa korosho Mtwara au Lindi hulipwa kupitia chama chake cha msingi baada ya mnada. Vyama hivi tayari vinajua kukata. Hukata ushuru na madeni ya pembejeo. Ningependekeza chama kimoja kijaribu kwa msimu mmoja. Nusu ya wanachama, kwa bahati nasibu inayofanyika hadharani, wawekewe asilimia ndogo ya malipo yao ya mwisho katika akiba isipokuwa wakatae, na nusu nyingine waombe wenyewe kama sasa. Kukataa kufanyike kwa neno moja mbele ya karani siku ya malipo, bila ada na bila maelezo, na aliyekatwa apewe mwezi mzima wa kurudishiwa fedha zake zote akibadili nia. Kabla ya msimu kuanza, chama kiandike ni asilimia ngapi na kwa nini ni hiyo, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba namba hiyo, ikiwekwa kwa woga wa chama badala ya hesabu ya mkulima, ndiyo ambayo wengi watabaki nayo.